Broka mpya, bima ile ile: nguvu na mipaka ya barua ya uteuzi

*Wafanyabiashara wengi wa Voi na Taita Taveta hushughulikiwa bima zao na broka aliye mbali. Wakitaka kumbadili hutosheka na kuacha kumpigia simu. Kampuni ya bima haihesabu hivyo.*

Lori linalobeba ndizi za Taveta kuelekea soko la Kongowea, Mombasa, hupitia Voi. Vani inayoingiza watalii Tsavo Mashariki huanzia safari Voi. Bima za vyombo vyote viwili, mara nyingi, zimepangwa na broka mwenye ofisi Nairobi, takriban kilomita 330 kutoka hapa. Kwa muda mrefu mpango huo hausumbui mtu. Ada inalipwa, vyeti vinakuja, mwaka unageuka. Shida hujitokeza siku gari linapogonga nyati usiku kati ya Maungu na Voi, na simu ya broka inaita bila kupokelewa.

Hapo ndipo mwenye mali huamua kutafuta mtu mwingine, pengine aliye karibu zaidi, na wengi hukosea katika hatua ya kwanza kabisa. Huacha kuwasiliana na broka wa zamani, huanza kushauriana na mpya, wakidhani mambo yamehama. Kumbe kwenye kumbukumbu za kampuni ya bima jina la broka wa zamani bado lipo. Yeye ndiye anayepelekewa notisi ya kumalizika kwa bima, yeye ndiye anayepewa nakala za mikataba, na akizungumza na kampuni, maneno yake huchukuliwa kuwa maneno ya mteja.

Kinachobadilisha hali hiyo ni barua moja, ambayo aghalabu haizidi ukurasa. Ni barua ya kumteua broka mpya na kumwondolea wa zamani mamlaka juu ya bima zote. Ni fupi, lakini ina nguvu kubwa kuliko wengi wanavyodhani, na pia ina mipaka ambayo wengi hawaijui. Nguvu na mipaka hiyo ndiyo inayostahili kueleweka kabla mtu hajatia saini.

Broka ni mtu wa nani?

Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, inamtofautisha broka na wakala. Wakala wa bima anauza kwa niaba ya kampuni ya bima. Broka, yaani dalali wa bima, ni mtu wa mteja: anatafuta kampuni inayofaa, anajadili masharti, na ajali ikitokea anasimama upande wa mteja. Ingawa kamisheni yake hulipwa na kampuni kutoka kwenye ada ya bima, mamlaka aliyo nayo amepewa na mteja.

Kwa kuwa mteja ndiye aliyempa mamlaka, mteja ndiye mwenye haki ya kuyaondoa. Hahitaji ruhusa ya kampuni ya bima, wala kibali cha broka mwenyewe. Kama kuna mkataba wa huduma uliotiwa saini kati yao na ndani yake kuna muda wa notisi, muda huo uheshimiwe. Bila mkataba wa namna hiyo, anaweza kuyaondoa wakati wowote, hata katikati ya mwaka wa bima.

Lakini kuna kanuni ya sheria ya uwakilishi ambayo ndiyo roho ya jambo hili. Ukimtambulisha mtu kwa wengine kuwa anasema kwa niaba yako, wao wana haki ya kuendelea kumwamini mpaka wapate habari kwamba umemwondoa. Kwa hiyo kumwambia broka wa zamani kwamba umemaliza naye ni nusu ya kazi. Akirudi kesho kwa kampuni ya bima na kukubali masharti mapya kwa jina lako, na kampuni haijaarifiwa lolote, unaweza kujikuta umefungwa na makubaliano hayo. Barua inaelekezwa kwa kampuni ya bima kwa sababu hii, na broka wa zamani hupewa nakala.

Mfano wa kampuni moja ya Voi

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye sura ya biashara nyingi za mji huu. Kampuni ya familia ina nyumba ya wageni ya vyumba 20, vani tatu za watalii na malori mawili. Ina bima tatu. Bima ya magari yote matano iko katika kampuni moja ya bima na inamalizika tarehe 31 Machi. Bima ya moto na wizi ya jengo iko katika kampuni ya pili na inamalizika tarehe 30 Juni. Bima ya wafanyakazi 18, ile inayotokana na sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007 na ambayo watu huiita WIBA, iko katika kampuni hiyo hiyo ya pili, na inamalizika tarehe 31 Desemba.

Tarehe 20 Desemba vani moja iligonga nyati barabarani. Fundi alikadiria matengenezo kuwa shilingi 350,000. Dai lilipelekwa kupitia broka wa zamani, asesa akalikagua gari, kisha kukawa kimya. Kufikia tarehe 10 Januari wakurugenzi wameamua: wanahamia kwa broka mwingine, na wanataka ahudumie bima zote tatu.

Jambo la kwanza ni kujua barua ngapi zinahitajika. Bima ni tatu, lakini kampuni za bima ni mbili, kwa hiyo barua ni mbili. Kampuni moja haina namna ya kujua ulichoiandikia nyingine. Hili husahaulika mara nyingi: mteja anaandika barua kwa kampuni inayomsumbua, anasema humo "bima zote", halafu anashangaa mwezi wa Juni notisi ya bima ya moto ikienda kwa broka aliyemwacha tangu Januari.

Jambo la pili ni nani anatia saini. Meneja wa nyumba ya wageni ndiye anayezungumza na broka kila wiki, lakini hilo halimpi mamlaka ya kumwondoa. Barua ya kampuni inatiwa saini na mkurugenzi, na ni busara kuambatanisha nakala ya kumbukumbu za kikao kilichoamua. Kwa chama cha ushirika ni mwenyekiti na katibu baada ya uamuzi wa bodi. Kwa ranchi za Taita Taveta zinazomilikiwa na wanahisa, uamuzi wa bodi una uzito zaidi, maana baada ya uchaguzi mwenyekiti mpya anaweza kuandika barua yake na wa zamani akaipinga. Kampuni ya bima ikiletewa mvutano kama huo, itasimamisha kila kitu mpaka wenyewe wamalizane.

Maneno ya barua

Barua nyingi za aina hii nchini huandikwa kwa Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo ya mteja. Kwa Kiswahili, barua ya familia yetu kwa kampuni inayobeba bima ya magari ingesomeka hivi:

> Tarehe 15 Januari
>
> Kwa Meneja, Idara ya Bima za Magari
>
> YAH: UTEUZI WA BROKA MPYA NA KUONDOLEWA KWA BROKA WA SASA
>
> Tunawaarifu kwamba kuanzia tarehe 15 Januari tumemteua broka aliyetajwa hapa chini kuwa broka wetu wa pekee kwa bima zote tulizo nazo katika kampuni yenu, ikiwemo bima ya magari yenye nambari iliyoonyeshwa.
>
> Uteuzi huu unafuta mamlaka yote tuliyokuwa tumempa broka mwingine yeyote kuhusu bima hizo.
>
> Tafadhali mpeni broka mpya nakala ya mkataba na orodha ya magari, historia ya madai ya miaka mitatu, na taarifa ya ada zilizopokelewa na zinazodaiwa.
>
> Madai yote ambayo hayajamalizika, pamoja na la ajali ya tarehe 20 Desemba, yashughulikiwe na broka mpya.
>
> Kuanzia leo ada zote tutazilipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni yenu.
>
> Tafadhali thibitisheni kwa maandishi kwamba mmepokea barua hii na tarehe mliyoanza kuitekeleza.
>
> Saini, jina na cheo, muhuri
>
> Nakala: broka wa zamani, broka mpya

Kila aya ina kazi yake. Tarehe ya kuanza huzuia ubishi juu ya aliyekuwa na mamlaka siku fulani. Neno "pekee" huiambia kampuni isimpokee mwingine. Sentensi ya kufuta mamlaka ni ya lazima, kwa sababu kumteua mpya peke yake hakusemi kwamba wa zamani ametoka. Mteja anaweza kuwa na mabroka wawili kwa bima tofauti. Nambari za mikataba zitajwe zote zinazojulikana, hata kama umeandika "zote", ili karani asihitaji kubahatisha.

Maneno "bima zote" yanahitaji uangalifu mwingine. Huenda una bima ambayo hukuikumbuka: bima ya gari lililonunuliwa kwa mkopo ambayo benki imeandikwa humo kuwa na haki ya kwanza ya fidia, au bima ya matibabu ya familia inayoshughulikiwa na mtu unayemwamini. Ikiwa zimo katika kampuni hiyo, barua itazihamisha nazo. Kabla ya kuandika, orodhesha kila bima, kampuni yake na tarehe yake ya mwisho. Usiyotaka ihame, itaje kuwa imeachwa nje. Na kwa gari la mkopo, iarifu benki.

Isichokigusa barua

Hofu ya kawaida ni kwamba ukimwondoa broka, bima nayo inakatika. Haikatiki. Mkataba ni kati ya mteja na kampuni ya bima. Nambari ni ile ile, tarehe ni zile zile, vyeti vya magari vinaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa muda wake. Lori la familia yetu likiwa njiani kwenda Moshi kupitia Taveta na Holili siku barua inapowasilishwa, kadi ya njano ya COMESA inayolifunika ndani ya Tanzania haibatiliki, kwa kuwa imetolewa na kampuni ya bima. Kinachotakiwa ni broka mpya kujua kwamba kadi hiyo ipo na inamalizika lini, aiombe mpya kabla ya tarehe 31 Machi. Dereva akifika Holili na kadi iliyopitwa na wakati, kueleza kwamba ofisi imebadilisha broka hakutamsaidia.

Ada nayo haibadiliki kwa sababu ya barua. Kamisheni imo ndani ya ada na imewekewa kikomo. Kwa bima ya magari kikomo ni asilimia 10. Atakayeipata ni mmoja au mwingine. Kwa kawaida broka wa zamani hubaki na kamisheni ya ada iliyokwisha kulipwa, na mpya huanza kulipwa kwa ada itakayofuata. Hapa pana jambo la kuangalia. Broka mpya aliyepokea bima ya moto mwezi Januari atafanya kazi ya miezi mitano bila kupata chochote kwa bima hiyo mpaka ihuishwe Julai. Mwulize mapema, na akuandikie, kama yuko tayari kuhudumia kipindi hicho, hasa dai la nyati ambalo halitamletea senti.

Barua pia haikuhamishi kutoka kwa kampuni yako ya bima. Kama tatizo ni la kampuni yenyewe, broka mpya hawezi kulitibu kwa uteuzi. Waliokuwa na bima katika kampuni ya Blue Shield ilipowekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2011 hawangeokolewa na barua ya aina hii. Kuhama kampuni ni hatua nyingine, na wakati wake mwafaka ni bima inapomalizika.

Fedha zilizobaki njiani

Mpaka mkubwa kuliko yote ni huu: barua inaondoa mamlaka, haikusanyi fedha. Ikiwa ulimkabidhi broka wa zamani ada na yeye hakuifikisha, barua haitaifikisha.

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada, au kabla ya ada hiyo kudhaminiwa kwa njia ambazo sheria inazikubali. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza kampuni, kabla ya historia ya madai na kabla ya masharti, ni: mmepokea kiasi gani kutoka kwetu, na lini?

Turudi kwa familia yetu. Ada ya magari kwa mwaka ilikuwa shilingi 600,000. Juu yake kulikuwa na tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na mchango wa hazina ya kuwafidia wenye bima wa asilimia 0.25, jumla shilingi 2,700, pamoja na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Walilipa shilingi 602,740 kwa broka wa zamani, na risiti zake wanazo. Taarifa ya hesabu kutoka kwa kampuni ya bima inaonyesha shilingi 400,000.

Tofauti ni shilingi 202,740. Broka wa zamani anaweza kusema kwamba hiyo ni kamisheni yake aliyoikata kabla ya kupeleka. Hesabu haikubali: asilimia 10 ya 600,000 ni 60,000. Ukiiondoa, zinabaki shilingi 142,740 zisizo na maelezo. Hesabu fupi kama hii, iliyofanywa na mteja mwenyewe kwa risiti zake, ina nguvu kuliko lawama za mwezi mzima.

Dalili ilikuwepo mapema. Siku hizi vyeti vya magari hutolewa kwa njia ya kidijitali, na kampuni ambayo haijalipwa ada yote inaweza kutoa cheti cha muda mfupi, mwezi mmoja baada ya mwingine, badala ya cha mwaka. Mteja aliyelipa ada ya mwaka mzima na bado anatumiwa cheti kipya kila mwezi ana sababu ya kuuliza, bila kungoja ajali. Dalili nyingine ni risiti: ukiwa na risiti za broka tu, na hakuna hata moja ya kampuni ya bima, hujui fedha zako ziko wapi.

Upungufu huo unaligusa hata lile dai la vani. Kampuni inayodai ada inaweza kuchelewesha fidia hadi deni lisafishwe, na huenda ule ukimya wa baada ya ziara ya asesa ulitokana na hilo. Kwa hiyo pamoja na barua ya uteuzi, familia inaandika barua nyingine kwa broka wa zamani peke yake: inamtaka aeleze shilingi 142,740 ziko wapi, ikimwekea siku, na inaambatanisha nakala za risiti. Asipojibu, malalamiko yanapelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, inayosajili mabroka na yenye uwezo wa kuwachukulia hatua. Mambo haya mawili yasichanganywe katika barua moja. Barua ya uteuzi ikijaa mashtaka, kampuni ya bima huigeuza kuwa mgogoro na kuiweka kando, wakati mamlaka ya broka mpya ndiyo yanayohitajika haraka.

Jalada la dai nalo lisiachwe nyuma. Fomu ya dai, abstrakti ya polisi, nakala ya leseni ya dereva na ya logibuku, picha za gari na makadirio ya fundi, vyote vilitoka kwa mteja au vilitolewa kwa ajili yake. Omba nakala zake kwa broka wa zamani, lakini usizingojee: kampuni ya bima ina zake, na ndiyo maana barua inaielekeza impe broka mpya taarifa zote.

Barua inapofika mezani

Kampuni ikipokea barua, hukagua saini na kuwaarifu mabroka wote wawili. Baadhi hungoja siku kadhaa kabla ya kubadilisha jina kwenye kumbukumbu, ili kuwa na uhakika kwamba mteja ameamua kweli.

Siku hizo ndizo za mtihani. Broka wa zamani, aliyekuwa hapatikani, sasa anapatikana. Anakuja Voi mwenyewe, anaomba radhi, anaahidi kufuatilia dai, na anaomba saini moja tu kwenye barua aliyoiandaa. Barua hiyo inamrudisha. Kwa kawaida kampuni hufuata barua yenye tarehe ya karibuni, na ikiletewa mbili zinazopingana ndani ya wiki moja itasita kumsikiliza yeyote. Bima inayomalizika tarehe 31 Machi haingojei. Kama unataka kumpa broka wa zamani nafasi ya kujirekebisha, mpe kabla ya kuandika.

Kwa sababu hiyo hiyo, wiki za mwisho kabla ya bima kumalizika si wakati mzuri. Broka mpya anahitaji kupata historia ya madai, kuyakagua magari, kulinganisha masharti na kukuletea chaguo. Familia yetu iliyoandika tarehe 15 Januari ina wiki kumi na zaidi kabla ya bima ya magari kuisha. Ingeandika tarehe 25 Machi, broka mpya angeweza tu kuhuisha kilichokuwepo, kwa bei itakayotajwa.

Saini ya "kuulizia bei tu"

Wapo wanaompoteza broka wao bila kukusudia. Mtu anafika dukani au kwenye nyumba ya wageni, anasema anaweza kupata bei nafuu, lakini anahitaji kijibarua cha kumruhusu kuulizia kampuni za bima. Mwenye mali anatia saini bila kusoma. Kijibarua hicho kinaweza kuwa ndicho barua ya uteuzi, na maneno "broka wa pekee" yamo ndani yake. Siku chache baadaye broka aliyemhudumia kwa miaka mingi anapiga simu akiuliza amekosa nini.

Ruhusa ya kuulizia bei ni barua nyingine kabisa. Inasema kwamba mhusika anaruhusiwa kupewa taarifa fulani kwa ajili ya kutafuta makadirio, inataja hadi tarehe gani, na inasema wazi kwamba haimwondoi broka aliyepo. Kama umeshatia saini barua isiyo yenyewe, iandikie kampuni siku hiyo hiyo barua yenye tarehe mpya inayofuta ile, bila kungoja mabroka wenyewe wakubaliane.

Kabla ya kumteua yeyote, omba cheti chake cha usajili. Usajili wa broka ni wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo cheti cha mwaka uliopita hakitoshi, na orodha ya waliosajiliwa inapatikana kwa IRA. Muulize pia kama ana bima ya dhima ya kitaaluma, ile ambayo mteja anaweza kuitegemea ikiwa broka amemkosesha kinga kwa uzembe. Na angalia kama ni broka kweli au ni wakala. Wakala anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini anaiwakilisha kampuni ya bima, na barua ya kumfanya broka wako kwa bima zilizo katika kampuni tofauti haitampa usajili asiokuwa nao.

Taasisi za umma zina njia nyingine. Serikali ya kaunti au shule ya umma hainunui huduma kwa barua ya mkuu wake. Inafuata Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015. Huko barua ya uteuzi huja mwisho, baada ya zabuni, na iliyoandikwa kabla yake inaweza kumletea aliyeitia saini maswali ya ukaguzi.

Jibu ndilo linalofunga kazi

Wengi huhesabu kazi imeisha barua inapotoka mkononi. Haijaisha. Wasilisha barua kwa mkono upate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au itume kwa baruapepe kwenye anwani rasmi ya kampuni na utunze ushahidi wa siku uliyoituma. Kisha dai jibu la maandishi lenye mambo matatu: jina la broka anayetambuliwa sasa, tarehe aliyoanza kutambuliwa, na orodha ya mikataba inayohusika. Linganisha orodha hiyo na yako. Familia yetu inatarajia majibu mawili, moja kutoka kila kampuni ya bima, na mikataba mitatu kwa jumla. Ukikosekana hata mmoja, kwa bima hiyo broka wa zamani bado ndiye msemaji wao, na kosa hilo ni rahisi kulirekebisha kwa baruapepe moja leo kuliko kwa kesi baada ya moto.

Jibu likishafika, piga nakala yake na uiweke pamoja na vyeti vya magari na mikataba ya bima, mahali ambapo mkurugenzi mwingine au meneja wa zamu anaweza kuifikia. Siku ajali itakapotokea, yeye ndiye atakayehitaji kujua ampigie nani, na kampuni ya bima itamsikiliza yule tu ambaye jina lake limo katika jibu hilo.